Mbona wafuasi wamepungua ghafla? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu usafishaji wa akaunti feki

Nililala nikiwa na wafuasi 18,240, nimeamka nina 16,905. Nimekosea wapi?

Huenda hujakosea popote. Watu wa kweli huondoka kidogo kidogo: mmoja kachoka na posti zako, mwingine kafunga akaunti, wa tatu kabadilisha simu akasahau nenosiri. Hawakai kikao wakakubaliana kukuacha usiku mmoja. Wanaondoka kwa pamoja pale tu umesema jambo lililowaudhi, na hilo hutahitaji kuambiwa, maana komenti zitakuwa zinawaka moto. Ikiwa hakuna kelele yoyote, namba imeporomoka kwa saa chache kisha ikatulia, hapo umepitiwa na usafishaji. Mtandao umefagia kundi la akaunti kwa mkupuo, na baadhi ya hizo zilikuwa kwenye orodha yako.

Lakini sijawahi kununua wafuasi hata mmoja. Hizo feki zilinifikiaje?

Swali hili huulizwa kwa uchungu, na kwa haki, kwa sababu jirani akiona namba imeshuka huanza kunong'ona. Ukweli ni kwamba akaunti feki haiwezi kuwafuata wateja waliolipa peke yao. Ikifanya hivyo inajianika: akaunti elfu moja zinazowafuata watu walewale mia mbili, na hakuna mwingine, ni sawa na wezi waliovaa sare. Kwa hiyo huchanganya. Hufuata wanamuziki, kurasa za habari, wanasoka, halafu watu wa kawaida kama wewe ili ionekane ina maisha.

Ipo njia nyingine ya kawaida zaidi. Mtu anapojisajili, mtandao humpendekezea akaunti za kufuata. Boti, yaani akaunti inayoendeshwa na programu badala ya mtu, nayo hupendekezewa, na inakubali yote. Ndiyo maana katika fagio kubwa la Instagram la Desemba 2014, akaunti iliyoumia kuliko karibu zote ilikuwa ya Instagram yenyewe: ilipoteza takribani wafuasi milioni 18.9. Twitter ilipofanya lake Julai 2018, akaunti rasmi ya Twitter ilipoteza kama milioni 7.7. Sidhani kama kuna atakayesema kampuni hizo zilijinunulia wafuasi.

Boti nyingine hukufuata ili nawe uzifuate, au ili uingie kwenye wasifu wao na kubonyeza kiungo kilichoko hapo. Andika posti yenye hashtegi inayovuma, kisha angalia arifa zako dakika kumi zinazofuata. Utaona wageni wawili watatu wenye picha nzuri, posti sifuri, na wanafuata watu 4,000. Kwa wakati huo unafurahi namba imepanda. Hao ndio watakaokukimbia siku ya fagio.

Kwa nini ziondolewe kwa mkupuo? Si wangeziondoa moja moja kila siku?

Wanaziondoa kila siku, ila wewe huzioni. Katika miezi mitatu ya kwanza ya 2019, Facebook ilisema imezima akaunti feki bilioni 2.19. Wakati huo watumiaji wake wote wa mwezi walikuwa takribani bilioni 2.38. Ukizisoma namba hizo mbili kwa haraka utadhani karibu mtandao mzima ulikuwa wa kughushi. Sivyo. Sehemu kubwa ya akaunti hizo hukamatwa dakika chache tu baada ya kusajiliwa, kabla hazijamfuata mtu yeyote. Hazikuwahi kuingia kwenye namba yako, hivyo kuondoka kwazo hakukugusi. Kampuni hiyo yenyewe ilikadiria kuwa feki zilizobaki ndani ni kama asilimia 5 ya watumiaji wa mwezi.

Zinazokupunguzia namba ni zile zilizopenya lango la usajili, zikakaa miezi au miaka, zikafuata watu. Hizi kuzikamata ni kazi nyingine kabisa, na hapo ndipo ghafla inapozaliwa, kwa sababu tatu.

Ya kwanza ni kwamba feki zilizokomaa hazigunduliwi moja moja. Zinagunduliwa kama ukoo: ukishaona uzi mmoja unaoziunganisha, unavuta na zote zinakuja.

Ya pili ni ya kimkakati. Anayetengeneza akaunti hizi anapima. Akifuta picha ya wasifu halafu boti ikafungwa palepale, amejua kosa lake na kesho hatarudia. Zikifungwa zote siku moja, wiki kadhaa baada ya kutambuliwa, anabaki anajiuliza ni lipi kati ya mambo mia aliyofanya lililomponza.

Ya tatu ndiyo ambayo wengi hawaijui, na kwangu ndiyo yenye uzito kuliko zote: kufunga akaunti ni jambo moja, kuacha kuihesabu ni jambo lingine. Akaunti inaweza kuwa imefungwa tangu mwaka jana na bado inakaa ndani ya namba yako, hadi siku mtandao utakapoamua kubadilisha kanuni ya kuhesabu.

Hiyo ya kuhesabu ilitokea wapi?

Twitter, Julai 2018. Tukio hili linafaa kutazamwa kwa karibu kwa sababu linaonyesha jinsi namba inavyoweza kushuka bila akaunti hata moja kufutwa siku hiyo.

Twitter ilikuwa na tabaka la akaunti ilizoziita zilizofungiwa kwa muda. Akaunti iliyokuwa kimya inaanza ghafla kumwaga majibu kwa watu wasioijua, au kutuma viungo vya kupotosha, au watu wengi wanaiblock baada ya kutajwa nayo. Wakati mwingine nenosiri lake limeonekana likizagaa mtandaoni baada ya tovuti nyingine kuvuja. Twitter inaifunga, inamwandikia mwenyewe athibitishe kuwa ni yeye na abadilishe nenosiri. Asipojibu, akaunti inabaki imefungwa. Haiwezi kutuma, kupenda wala kusambaza chochote. Lakini ilikuwa inaendelea kuhesabiwa miongoni mwa wafuasi wako.

Mnamo Julai 11, 2018, Vijaya Gadde, aliyekuwa mkuu wa masuala ya sheria na sera wa kampuni hiyo, alitangaza kwamba akaunti hizo zingeondolewa kwenye hesabu ya wafuasi duniani kote. Alieleza jambo ambalo watu walilipuuza: sehemu kubwa ya akaunti hizo zilifunguliwa na watu halisi, ila kampuni haikuweza kuthibitisha kwamba yule aliyeifungua ndiye bado anaishika. Yaani hazikuwa boti tangu kuzaliwa. Zilikuwa nyumba za watu zilizovunjwa milango.

Watumiaji wengi waliambiwa wangepoteza wafuasi wanne au pungufu. Wenye majina makubwa walipoteza kwa mamilioni. Jumla ya wafuasi wote kwenye mtandao ilitarajiwa kushuka kwa kama asilimia 6. Usiku huo hakuna aliyeachwa na yeyote. Akaunti zilezile zilikuwa zimefungwa jana yake. Kilichobadilika ni kikokotoo.

Mtandao unajuaje kuwa akaunti ni feki?

Mlangoni huangaliwa mambo mepesi: akaunti ngapi zimesajiliwa kutoka kwenye anwani moja ya intaneti au kifaa kimoja, barua pepe ni ya aina gani, namba ya simu imetumika mara ngapi, fomu imejazwa kwa kasi ambayo vidole vya binadamu haviwezi. Hayo huwanasa wavivu.

Kwa waliopenya, kutazama akaunti moja peke yake hakusaidii sana. Picha nzuri inaibwa, maelezo yananakiliwa, na boti ikifundishwa kulala saa nane usiku italala. Kigumu kughushi ni kila akaunti kutenda kivyake. Mwenye boti 5,000 ana kazi ya kutimiza kwa wateja wake, kwa hiyo boti zake lazima zifanye jambo lilelile karibu wakati uleule. Mwaka 2014 watafiti walieleza mfumo uitwao SynchroTrap, uliotumika Facebook na Instagram, uliojengwa juu ya wazo hilohilo. Unalinganisha akaunti mbili mbili: zimefanya vitendo vingapi kwa pamoja, kwenye kitu kilekile, ndani ya muda mfupi uleule? Kisha zinazofanana sana zinawekwa kwenye kundi moja. Ndani ya mwezi mmoja ulifichua akaunti zaidi ya milioni 2.

Tujaribu kwa mkono. Tuseme akaunti A imefuata kurasa 50 wiki hii, na B nayo imefuata 50. Kurasa 45 wamezifuata wote wawili, ndani ya saa ileile. Gawanya walivyofanya pamoja kwa jumla ya vyote walivyofanya, vile vya pamoja vikihesabiwa mara moja tu:

```
45 / (50 + 50 - 45) = 45 / 55 = 0.82
```

Sasa chukua marafiki wawili wa kweli wenye ladha moja. Mmoja kafuata kurasa 50, mwingine 60, na 6 kati ya hizo zinafanana. Lakini huyu alifuata asubuhi akiwa kwenye basi, yule siku tatu baadaye. Kwa kipimo cha muda uleule, walichofanya pamoja ni karibu sifuri. Mara moja watu wawili wanaweza kugongana kwa bahati. Kugongana mara 45 kwa wiki si bahati, na akaunti 300 zikigongana hivyo zenyewe kwa zenyewe, ukoo umeshaonekana.

Mwenye boti naye anaweza kuzitawanya kwa saa na siku tofauti ili asinaswe. Ila akifanya hivyo, kazi aliyokuwa akiimaliza kwa saa moja itamchukua wiki, na mteja aliyelipia wafuasi wa haraka atalalamika. Ni kama kumlazimisha mwizi abebe mzigo kwa kijiko. Mfumo haumzuii kabisa, unamtia hasara.

Ikishashukiwa, inafutwa moja kwa moja?

Mara nyingi hapana. Kwanza huwekewa kizingiti: tatua kapcha, weka msimbo uliotumwa kwenye simu. Binadamu hukasirika kidogo, anaweka msimbo, anaendelea. Boti elfu tano zinahitaji laini za simu elfu tano. Isiyojibu hufungiwa kwa muda, na katika mitandao mingine huondolewa kwenye hesabu palepale. Baadaye kabisa ndipo inasimamishwa au kufutwa.

Ndiyo sababu namba yangu ilishuka halafu ikarudi kidogo?

Ndiyo. Miongoni mwa waliofungiwa wamo watu wa kweli. Wakithibitisha, wanarudi kwenye hesabu. Sababu nyingine ni ya kiufundi: ile namba unayoiona juu ya wasifu haihesabiwi upya kila ukifungua ukurasa. Ni nakala iliyohifadhiwa, na nakala hizo huwa nyingi. Wakati wa fagio, simu inaweza kuonyesha namba moja na kompyuta nyingine. Subiri siku mbili kabla ya kupiga hesabu yoyote.

Nitatofautishaje usafishaji na watu halisi kunikimbia?

Angalia laiki na watazamaji, siyo wafuasi. Rudi kwenye mfano wa juu: kutoka 18,240 hadi 16,905 umepoteza 1,335, yaani asilimia 7.3. Chukua posti kumi za mwisho kabla ya siku hiyo na kumi za baada yake, za aina moja. Usilinganishe picha ya harusi na tangazo la bidhaa.

Tuseme kabla ulikuwa unapata wastani wa laiki 410, na sasa 405. Kabla, 410 kwa 18,240 ni asilimia 2.25. Sasa, 405 kwa 16,905 ni asilimia 2.40. Wafuasi wameshuka, uwiano umepanda. Tafsiri yake ni kwamba walioondoka hawakuwa wanapenda chochote, na hawakuwa wanapenda kwa sababu hawakuwepo.

Laiki zingeshuka hadi 330, hadithi ingekuwa nyingine. Hapo umepoteza watu waliokuwa wanakusoma, na jibu lake litafutwe kwenye posti zako.

Tahadhari moja: kuna boti zinazolipwa kupenda pia. Kama laiki nazo zimeporomoka lakini komenti zenye maneno ya maana zimebaki vilevile, fagio lilibeba na hao. Hivyo ndivyo ilivyotangazwa na Instagram Novemba 2018: kuondoa laiki, ufuasi na komenti zilizotengenezwa na programu za kujiongezea umaarufu.

Kingine cha kutazama ni historia ya kupanda kwako. Kama kuna siku ulipata wafuasi 1,200 bila posti yoyote iliyosambaa, usishangae kundi lilelile likiondoka pamoja. Na waulize wengine wa fani yako. Wakiwa nao wamepungua usiku uleule, jibu umelipata.

Mfuasi wangu mmoja ni rafiki yangu kabisa, namfahamu. Mbona naye ametoka?

Muulize kama aliwahi kuingiza nenosiri lake kwenye programu ya kuongeza wafuasi au ya kuonyesha nani katembelea wasifu wake. Programu nyingi za namna hiyo huikodisha akaunti ya mtu bila yeye kuelewa: yeye anapata laiki za bure, nayo inaitumia akaunti yake kufuata na kupenda wateja wengine. Katika tangazo hilohilo la 2018, waliokutwa hivyo hawakufutwa. Waliarifiwa kwamba vitendo vilivyofanywa na programu vimeondolewa, wakatakiwa kubadilisha nenosiri. Kwa hiyo rafiki yako yupo hai mtandaoni, ila ufuasi wake kwako huenda ulichukuliwa kuwa wa programu. Atakufuata tena kwa kubonyeza mara moja.

Na wanaoonewa je?

Wapo. Darasa zima linalotumia kompyuta za intaneti moja linaweza kufanana na shamba la boti. Mtu aliyefungua akaunti leo akafuata watu 400 kwa hamasa naye anafanana na boti, na kwa muda mrefu 400 ndiyo ilikuwa kikomo cha kufuata kwa siku Twitter kwa akaunti za kawaida. Ndiyo maana kizingiti cha msimbo kinatangulia kufuta. Upande wa pili, yapo mashamba ya watu: binadamu wenye simu kibao mezani wanaolipwa kubonyeza. Kapcha wanatatua, msimbo wanaupokea. Hao huponyoka mafagio mengi, na usidhani kila aliyebaki kwenye orodha yako baada ya usafishaji ni msomaji wako.

YouTube na Facebook mambo ni yaleyale?

Kwa kiasi kikubwa. YouTube haihesabu akaunti zilizofungwa kati ya waliojiunga na chaneli, na huondoa za spamu kwa vipindi. Ilipofanya fagio kubwa Desemba 2018 iliwatahadharisha wenye chaneli mapema, na ilikuwa na maana kwa mifuko yao: chaneli iliyojaa spamu ikishuka chini ya 1,000 ilitolewa kwenye mpango wa malipo, hadi ijijenge na kuomba upya.

Facebook, kwa upande wake, iliwahi kupunguza namba kwa sababu isiyohusu spamu kabisa. Machi 2015 iliondoa kwenye kurasa laiki za akaunti zilizozimwa na wenyewe na za marehemu zilizogeuzwa kumbukumbu. Hakuna udanganyifu uliofichuliwa hapo.

Nitumie programu ya kusafisha wafuasi mwenyewe?

Usiipe nenosiri lako programu yoyote. Baadhi ya akaunti zinazoishia kwenye ukodi uliotajwa hapo juu ziliingilia mlango huu huu wa "tukusaidie kusafisha". Instagram inakuruhusu kumtoa mfuasi kwa mkono: fungua orodha ya wafuasi, bonyeza `Remove` mbele ya jina lake. Ni kazi ya kuchosha, na kwa akaunti ndogo haina ulazima.

Niliwahi kununua zamani. Muuzaji aliniahidi kuwa wakipungua atanijazia.

Atakujazia kutoka kwenye ghala lilelile. Wateja wa wauzaji hawa huwa na mchoro wa ngazi: inashuka, inajazwa, inashuka tena, na mchoro huo wenyewe ni ushahidi kwa yeyote anayejua kuusoma. Kampuni ya Devumi ya Marekani ilianikwa na gazeti la The New York Times Januari 2018: ilikuwa imewauzia wateja wake wafuasi takribani milioni 200 kutoka kwenye ghala la akaunti za kiotomatiki zisizopungua milioni 3.5, kila moja ikiuzwa mara nyingi kwa watu tofauti. Gawanya utaona kila akaunti iliuzwa kama mara 57. Akaunti moja ikikamatwa, wateja 57 wanapungukiwa kwa pamoja, dakika ileile. Oktoba 2019 mmiliki wake alifikia makubaliano na tume ya biashara ya Marekani, FTC, yenye hukumu ya dola milioni 2.5. Tangu Oktoba 21, 2024 kanuni ya tume hiyo inamgusa na mnunuzi pia, ikiwa alijua au alipaswa kujua kuwa ni feki na amewatumia kujionyesha mkubwa kibiashara.

Nimwambie nini mteja wa matangazo anayeuliza kwa nini nimeshuka?

Mwonyeshe ule uwiano wa kabla na baada, pamoja na watazamaji wa posti kumi kumi. Kama mkataba wenu umeandika idadi ya wafuasi kama kipimo, omba uandikwe upya kwa watazamaji au mibonyezo. Namba ya wafuasi ikishuka tena fagio lijalo, mkataba hautatikisika.